Ufunguo wa gari umeibwa: bima kubwa inalipa kitasa?

Wadau, naomba ushauri. Mke wangu kaporwa mkoba Kariakoo, ndani mna ufunguo wa rimoti wa Harrier yetu na kadi ya gari, kwa hiyo mwizi anajua hadi namba. RB ninayo. Fundi anataka laki tano kutengeneza ufunguo mpya na kuufuta ule wa zamani kwenye kompyuta ya gari. Ila kile kichuma cha ndani ya rimoti iliyoibwa bado kitafungua mlango, hivyo na kitasa kibadilishwe: jumla laki nane.

Wakala anasema bima kubwa inalipa gari likiibwa. Ufunguo mpaka uwe umelipia nyongeza. Mkataba wangu hautaji funguo popote. Kuna aliyewahi kulipwa hivyo? Na nikidai, punguzo la kutodai linapotea?