Mrejesho: tairi pacha za nyuma, ya nje inalika haraka

Niliuliza: "Tairi ya nje inaisha kashata upesi na ya ndani inachemka, upepo ni uleule. Shida nini?"

Shida ni kimo. Tulinyanyua ekseli, tukazungushia futi ya chuma katikati ya kashata za kila tairi, zote zikiwa zimepoa na zina upepo sawa. Ya ndani, mpya, ilisoma milimita 3,290. Ya nje 3,240. Tofauti ya mzunguko ni milimita 50, yaani 16 hivi za kipenyo. Kwa tairi za 11R22.5 mwisho ni 13.

Pacha zimefungwa pamoja, kwa hiyo zinazunguka idadi ileile. Iliyo ndogo haiwezi kwenda umbali wa mwenzake bila kuburuzwa, hapa karibu mita 15 kila kilomita. Ndiyo maana kashata zake zilikuwa zimekwanguliwa. Kubwa nayo inabeba mzigo zaidi ya mwenzake na kuchemka.

Usijaribu kusawazisha kimo kwa kupunguza upepo wa ile kubwa. Itabonyea, kuta zake zijikunje na kuchemka zaidi.

Tumeweka pacha yenye tofauti ya milimita 12 ya mzunguko, takriban 4 za kipenyo. Upepo unapimwa asubuhi kabla gari halijatembea, na tofauti haizidi PSI 5. Valvu ya ndani imewekewa kiendelezi, maana ikiwa ngumu kufikiwa hakuna anayeipima. Kuigonga tairi kwa nyundo hakuonyeshi upungufu wa PSI 20.