Hisa za kushika kwa miezi: tununue kwa thamani tu, au tungoje chati ikubali?

Mkaa_Mtwapa
Nalinganisha njia mbili za kununua hisa ninayokusudia kuishika kwa miezi sita hadi kumi na minane. Ya kwanza ni kununua mara tu bei inaposhuka chini ya mara kumi ya faida ya mwaka kwa hisa moja. Ya pili ni kuanza na kipimo hichohicho, kisha kungoja hadi bei ya kufunga wiki ipande juu ya wastani wake wa wiki 40. Mfano nilio nao ni Safaricom katika soko la Nairobi, kuanzia 2021. Ipi ingemfaa mnunuzi zaidi?

Chati_Kwanza
Ndugu, hesabu za faida huchelewa, na bei huwa imekwisha kuzijua. Wastani wa siku 50 ukikata ule wa siku 200 kwenda juu, nunua. Ukikata kwenda chini, ondoka. Hakuna haja ya kusumbukia vitabu vya kampuni.

Mzee_wa_Daftari
Kijana wangu, una haki kuhusu kuondoka, lakini si kuhusu kuingia. Mwaka 2021 hisa hiyo ilikaribia shilingi 45, na chati ilikuwa inapendeza wakati wote, ilhali faida ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa shilingi 1.71 kwa hisa. Mnunuzi alikuwa analipa takriban mara 26 ya faida, na hapo ni kipimo cha thamani, wala si chati, ambacho kingemzuia.

Sasa tazama upande wa pili. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2023 ilikuwa shilingi 1.55 kwa hisa, kwa hiyo kigezo cha mara kumi kinatoa bei ya 15.50, ambayo ilifikiwa mwaka 2023. Aliyenunua papo hapo aliiona ikiendelea kushuka hadi chini ya 13. Sababu haikuwa siri: gawio la mwaka lilikuwa shilingi 1.20, yaani 1.14 baada ya kodi ya asilimia 5, ambayo kwa bei ya 13 ni chini kidogo ya asilimia 9, wakati Februari 2024 Serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Hisa ilikuwa rahisi ukiilinganisha na historia yake, lakini ghali ukiilinganisha na hati hiyo. Ndiyo maana mimi huweka riba ya serikali kando ya uwiano wa faida kabla sijafungua chati yoyote.

Mkaa_Mtwapa
Kwa hiyo mwenye kungoja wastani wa wiki 40 angeingia lini?

Mzee_wa_Daftari
Katika majira ya Machi na Aprili 2024, baada ya shilingi kupata nguvu dhidi ya dola, na kwa bei isiyotofautiana sana na 15.50 ile ile. Faida ya kungoja, basi, haikuwa bei nafuu zaidi, bali ni miezi ambayo fedha zake hazikulala ndani ya hisa inayoshuka.

Bi_Rahma_Dar
Samahanini, mimi nina hisa za benki moja katika soko la Dar es Salaam, na bei hukaa siku kadhaa bila kusogea. Je, huo wastani unasema niuze?

Mzee_wa_Daftari
Dada, swali la kuuza ni jingine, ila umegusa jambo. Siku isiyo na biashara hurudia bei ya jana, na wastani wa siku 50 wa Chati_Kwanza huundwa na marudio hayo. Tumia bei za wiki, na tazama ni hisa ngapi zilizobadilishana mikono. Mpando wa hisa mia mbili si ishara.

Chati_Kwanza
Nakubali kuhusu wiki. Lakini baadaye mwaka huo huo wa 2024 bei ilirudi kwenye 15 hivi, na kanuni yenu, ikitumika pia kuuza, ingemtoa mtu nje kabla hisa haijapita 25 mwaka 2025.

Mzee_wa_Daftari
Ni kweli, na sina jawabu safi. Sehemu ya kushuka baada ya Julai huletwa na kufungwa kwa daftari la wanahisa, ambapo anayenunua baadaye hapati gawio hilo: mwaka huo gawio la mwisho lilikuwa senti 65, na chati isiyorekebishwa huonyesha kama hisa imedhoofika. Nirudishapo gawio ndani ya bei, ishara nyingine za uongo hutoweka, ila si zote.

Mkaa_Mtwapa
Nafikiri nitagawa fedha: theluthi kwa thamani, na mbili zilizobaki chati ikikubali.

Chati_Kwanza
Kwa hisa zinazouzwa kidogo, ada za broka za manunuzi mawili zipime kwanza.