Tuktuk nyeusi tii katikati ya ikoni tano za mistari, halafu naambiwa "ikoni ni ikoni"

Kalamu_ya_Tudor (mwanzisha uzi)

Jamani, mkono bado watetemeka, herufi zikipishana mnisamehe. Yule bwana mwamjua. Yule yule. Sina haja ya kumtaja, kila aliyewahi kupokea faili kutoka kwake hapa Mombasa ashamjua kwa harufu.

Programu ya simu, vitufe vya chini, ikoni sita: nyumba, feri, matatu, tuktuk, dafu na kikapu. Sita tu! Na zimetoka kama zimechorwa na watu sita waliogombana, watano wana kalamu na mmoja kashika kipande cha makaa. Kikapu kimekonda kama uzi wa nyavu. Feri imenenepa utadhani imewameza abiria wote wa Likoni wa saa moja asubuhi. Na pale katikati, tuktuk. Nyeusi. Imejazwa tii, hata kioo haina, kama imetumbukia kwenye pipa la lami. Tano ziko wazi, moja ni doa!

Kuulizwa mbele ya mteja, akajibu: "Zote ni 24 kwa 24. Ikoni ni ikoni."

Ikoni ni ikoni!

Nimefungua faili zake kwa kihariri cha maandishi. Nyumba, matatu na dafu zimechorwa kwenye `viewBox` ya 24, mstari 2. Sawa. Kikapu kimechorwa kwenye 32, mstari 2. Feri kwenye 16, mstari 1.5. Zote zikabanwa ziingie 24. Sasa piga hesabu: kikapu kikipungua kutoka 32 hadi 24, mstari wake nao wapungua, 2 yawa 1.5. Feri ikivutwa kutoka 16 hadi 24, ile 1.5 yawa 2.25. Kwa hivyo mteja anatazama 2, 1.5 na 2.25 kwenye safu moja, na feri ina mstari mnene mara moja na nusu kuliko wa kikapu. Na tuktuk haina mstari kabisa! Ndani ya faili ni `fill` peke yake.

Na bado "ikoni ni ikoni". Mbele ya mteja.

---

SamakiWaNazi

Kaka, hasira zote hizi kwa picha ndogo kuliko ukucha? Tia tuktuk rangi ya kijivu ifanane na nyenzake, tukalale.

---

Bi_Rula

@SamakiWaNazi mwanangu, hapo umejibu swali ambalo hakuulizwa mtu. Rangi ya ikoni zote sita ni moja tayari. Tatizo ni wino umefunika eneo kiasi gani. Ukitia kijivu utapata doa la kijivu, na mtumiaji ataona kitufe kilichozimwa, asikibonyeze. Hiyo ni hasara mpya juu ya ile ya kwanza.

Isitoshe, kwenye vitufe vya chini iliyojazwa huwa na maana yake. Programu nyingi hujaza ikoni ya ukurasa uliopo sasa na kuacha nyingine wazi. Kwa hiyo mtu akifungua tu, anaona tuktuk ishachaguliwa, na yeye yuko nyumbani.

---

Kalamu_ya_Tudor

ASANTE Bi Rula! Mteja aliuliza hilo hilo: "Mbona tuktuk ishabonyezwa?" Na yule bwana akamwangalia machoni akasema ikoni ni ikoni!

---

MwanaKisauni

Mwapenda kuzungusha mambo. Andika mistari mitatu, zote zitakuwa unene mmoja:

```css
.ikoni {
  stroke-width: 2;
}
```

Kwisha kazi. Hakuna haja ya kumtukana mtu.

---

Vekta_Mwembetayari

@MwanaKisauni shekhe, nusu yake ni kweli. Nusu nyingine itakuumbua.

Kwanza, ukiweka darasa hilo kwenye `<svg>`, thamani yarithiwa na vilivyomo ndani. Lakini `<path>` ikiwa na `stroke-width` yake yenyewe, hiyo yake ndiyo itakayosimama, kwa sababu alichopewa mtoto mkononi hushinda alichorithi. Ndiyo maana mtu huandika, anaonyesha upya ukurasa, hakuna kilichobadilika, anadhani simu imeshikilia nakala ya zamani. Lenga vilivyomo ndani:

```css
.ikoni * {
  stroke-width: 2;
}
```

Pili, na hili ndilo kubwa: hiyo 2 inapimwa kwa vipimo vya `viewBox`, haipimwi kwa pikseli za skrini. Ukiiweka 2 kwenye kikapu cha 32, bado utaona 1.5. Feri ya 16 ndiyo itaharibika zaidi, 2 yake itatokea 3. Ukitaka 2 kwenye skrini, zidisha unene unaoutaka kwa upana wa `viewBox`, gawanya kwa ukubwa wa kuonyesha. Kikapu: 2 × 32 ÷ 24, kama 2.67. Feri: 2 × 16 ÷ 24, kama 1.33.

Tatu, tuktuk haitasikia lolote kati ya hayo. Haina mstari wa kunenepesha.

---

MwanaKisauni

Kuna `vector-effect: non-scaling-stroke`. Yafuta hesabu zako zote. Ukiweka 2 ni 2.

---

Vekta_Mwembetayari

Hapo nakupa haki yako, kwa 24 itafanya kazi. Lakini ikoni hizo hizo zikionyeshwa kwa 48 kwenye ukurasa wa kukaribisha, mstari wabaki 2 na umbo limekua maradufu. Zitaonekana mifupa. Na hata hapo kwenye 24, umesawazisha unene peke yake. Tazama kikapu: nafasi kati ya fito zake zilipimwa kwenye 32. Kama mchoraji aliacha upenyo wa 2 kati ya mstari na mstari, kwenye 24 ni 1.5, na sasa umenenepesha fito pande zote mbili. Upenyo waenda kama 1, na kwenye simu ya bei nafuu fito zinagandana, kikapu chawa tofali.

Mimi kikapu hicho ningekichora upya kwenye 24. Fito tano ziwe tatu, kila upenyo usipungue 2, sawa na mstari wenyewe. Kuchora upya ni kazi ya robo saa. Kukibana ndiko kunakoleta uzi kama huu.

---

Bi_Rula

Na miisho ya mistari, tusisahau. Kalamu, angalia nyumba yako: bila shaka ina `stroke-linecap="round"` na `stroke-linejoin="round"`. Feri je?

---

Kalamu_ya_Tudor

Feri haina kitu, Bi Rula. Hakuandika. Kwa hivyo miisho imekatwa kama kwa panga na kona zina ncha za kuchoma.

---

Bi_Rula

Basi ndiyo maana hata ukisawazisha unene jicho litaikataa bila kujua kwa nini. Usipoandika, SVG huchukua `butt` kwa miisho na `miter` kwa kona. Kuna jambo jingine hapo: mwisho wa `round` huongeza nusu ya unene kila upande, kwa hivyo mlingoti wa feri ukiugeuza uwe wa mviringo utarefuka 1 juu. Ufupishe kwanza, usije ukagusa ukingo.

Na dafu?

---

Kalamu_ya_Tudor

Dafu ni duara la 18 kwa nje, sawa na mraba wa nyumba. Hilo nilimsamehe.

---

Bi_Rula

Usimsamehe. Duara la 18 likikaa kando ya mraba wa 18 huonekana dogo, kwa sababu limepoteza kona zote nne. Mraba ukiwa 18, duara lipe 20. Pima hadi ukingo wa nje wa mstari: kwa mstari wa 2, duara ni `r="9"` na mraba ni `width="16"`. Halafu ziweke sita zote safu moja, rudi nyuma hatua mbili, finya macho. Inayoruka mbele ni nzito mno, inayofifia ni nyepesi mno.

---

SamakiWaNazi

Nimefinya macho, naona Kalamu anatafuta mtu wa kumbembeleza 😂

---

Kalamu_ya_Tudor

Finya uone TUKTUK. Nyeusi. Tii. Hata ukifumba macho kabisa waiona!

---

Vekta_Mwembetayari

Tuktuk hiyo ilikuwa mistari zamani, naapa. Mtu alibonyeza `Outline Stroke` kwenye Figma, au `Stroke to Path` kwenye Inkscape, mstari ukawa umbo la kujazwa. Kisha akaunganisha maumbo vibaya, tundu la kioo likazibwa. Muombe faili ya kazi, ile ya kabla ya kugeuza. Ukikosa, chora upya juu yake kwa mstari wa 2, usijaribu kukwangua.

---

StikaKongowea

Ngojeni kwanza. Ninyi mwalia mistari ikigeuzwa umbo, mimi nalia isipogeuzwa! Mashine ya kukata stika haijui mstari mnene ni nini. Yafuata njia ya katikati tu. Mteja analeta ikoni ya mistari ya 2, kisu chapita mara moja katikati, natoa karatasi ina mikwaruzo, stika hakuna. Akinuna ananinunia mimi. Yule bwana wenu mie namtaka, angalau faili zake zakatika.

---

Kalamu_ya_Tudor

@StikaKongowea hapa si pa stika, ndugu yangu.

---

Vekta_Mwembetayari

Stika ana hoja. Faili mbili: ya mistari hai ya kuhariri, na nakala iliyogeuzwa ya kukata. Kosa ni kubaki na ya pili peke yake.

---

MwanaKisauni

Na hiyo tuktuk mpya itachorwa upande gani? Feri na matatu zimechorwa ubavuni. Tuktuk ya ubavuni yaonyesha magurudumu mawili. Itafanana na kigari cha gofu.

---

Bi_Rula

Ubavuni. Ukiichora kwa mbele utapata magurudumu matatu lakini umevunja seti. Itambulike kwa turubai la juu na pua iliyoinama.

---

SamakiWaNazi

Tuktuk ya magurudumu mawili ni pikipiki iliyovaa kofia. Mbele! Mwenye tuktuk mwenyewe ataikataa hiyo.

---

MwanaKisauni

Mara hii nakubaliana na Samaki. Matatu igeuzwe nayo itazame mbele.

---

Bi_Rula

Matatu kwa mbele kwenye 24 ni basi la shule, ni lori, ni friji. Hapana.

---

StikaKongowea

Kwa mbele hukatika vizuri zaidi. Na mwenye kuleta logo kwa picha ya WhatsApp iliyofifia, akitaka nimkatie ya mita mbili kwenye mgongo wa matatu, huyo nimfungulie uzi wake au niendelee hapa hapa?

---

SamakiWaNazi

Endelea hapa hapa, shekhe. Alileta ya nini?