Ulinganisho: fomu za ada kwenye PDF moja isiyozidi MB 2, mzazi aelekezwe njia ipi?

Karani_Mbeya
Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi ofisi ya utawala kwenye shule moja ya bweni huku Mbeya. Barua ya wazazi inatoka Ijumaa na sitaki yanikute ya muhula uliopita. Ilisomeka hivi:

"YAH: KUWASILISHA FOMU ZA ADA. Husika na kichwa cha barua hapo juu. Unatakiwa kuskani fomu ya ada (kurasa mbili), stakabadhi ya benki na nakala ya kitambulisho chako, uziunganishe katika faili moja la PDF lisilozidi MB 2, kisha ulipandishe kwenye tovuti ya shule."

Ndiyo basi. Namna ya kufanya haikuelezwa, na simu yangu ilinyanyasika wiki mbili. Safari hii nataka barua itaje njia moja tu. Nina nne mezani: mzazi aende steshenari, askani kwa programu ya simu, apige picha za kawaida kisha azibane kwenye tovuti za bure za kupunguza PDF, au anitumie picha WhatsApp niunganishe mwenyewe. Ninyi mngechagua ipi?

BabaV_Tunduma
Kabla ya hayo ma-PDF, tuambieni kwanza kama kulipa kwa awamu tatu bado kunaruhusiwa. Mwaka jana ilikuwa nne.

Karani_Mbeya
Baba, hilo ni la mhasibu, na hata shule yako siijui ni ipi. Hapa naulizia ukubwa wa faili.

Steshenari_Kihesa
Kamwene wakuu. Mimi natoa huduma hii kila Januari. Steshenari ndiyo jibu, msisumbuane na simu. Kioo cha skana kinalaza karatasi ikanyooka, mwanga ni mmoja ukurasa mzima, hakuna kivuli cha mkono. Mteja namskania kwa 600 dpi yenye rangi ili muhuri usomeke, halafu likiwa kubwa nalizip, linashuka.

Mifumo_Njombe
Kwenye kioo na mwanga uko sahihi kabisa kaka, hapo simu haikufikii. Ila 600 ndiyo inayowaumiza wateja wako. A4 kwa 600 dpi ni nukta 4960 kwa 7016, karibu milioni 35 kwa ukurasa mmoja. Shusha hadi 200 zinabaki 1654 kwa 2339, hazifiki milioni 4. Umepunguza mara tisa, na namba za stakabadhi bado zinasomeka vizuri, maana ni maandishi ya kawaida, si ramani ya viwanja.

Kuzip hakukusaidii. Kurasa zilizoskaniwa kwa rangi huwa ni picha za JPEG ndani ya PDF, na JPEG imeshabanwa tayari. Ni kama kukamua nguo iliyokwisha kukamuliwa, yanatoka matone mawili. Isitoshe tovuti ya shule inataka PDF, ukiipa zip itaikataa.

Steshenari_Kihesa
Mbona zangu zinashuka nikizizip?

Mifumo_Njombe
Zinashuka kutoka ngapi kwenda ngapi?

Steshenari_Kihesa
Ya jana ilitoka 18.4 ikaja 18.1.

Mifumo_Njombe
Haya sasa.

MamaN_Uyole
Mimi ni mzazi, si wa shule ya huyo dada lakini yalinikuta hayo hayo. Nilitandaza karatasi zangu nne kitandani juu ya khanga, nikapiga picha za kawaida, kijana wa jirani akaniunganishia PDF. Ikafika MB 12.8. Kupandisha kwenye tovuti, ikanijibu "Jina la mwanafunzi halijajazwa". Nimeandika jina la mtoto mara nne! Nikajaribu herufi kubwa, nikajaribu bila jina la babu, wapi. Bando likaisha. Hakuna aliyeniambia kuwa tatizo ni ukubwa.

Mifumo_Njombe
Mama, hiyo habari yako ni dhahabu. Dada Karani, hebu niambie: wazazi wako nao waliwahi kulalamika kwamba tovuti inadai hawajajaza jina ilhali wamejaza?

Karani_Mbeya
Wengi! Nilidhani hawajui kujaza. Wengine waliletewa "faili ni kubwa mno", hao niliwaelewa.

Mifumo_Njombe
Basi naweza kubashiri tovuti yenu imeandikwa kwa PHP na aliyeiweka hakugusa mipangilio. PHP inakuja na vizuizi viwili. Cha kwanza kinahusu faili lenyewe, kwa kawaida ni 2M, na ndiko ilikotoka MB 2 yenu. Wala si mwalimu mkuu aliyeichagua. Cha pili kinahusu mzigo mzima unaotumwa, yaani faili pamoja na majina yote yaliyojazwa, nacho kwa kawaida ni 8M.

Mzazi mwenye faili la MB 3 anagonga kizuizi cha kwanza tu. Seva inalikataa faili, jina linafika, anaambiwa faili ni kubwa. Mwenye MB 12.8 anagonga cha pili, na hapo PHP inatupa mzigo wote, jina likiwemo. Ukurasa unaokagua fomu unakuta patupu, unalalamikia kisanduku cha kwanza kilicho wazi, nacho ni jina. Mama N hakukosea kitu.

Mpe kijana wa tovuti hii, ni mistari miwili ya `php.ini`:

```
upload_max_filesize = 5M
post_max_size = 8M
```

Wa pili lazima uwe mkubwa kuliko wa kwanza. Na akague ukubwa wa faili kwenye simu ya mzazi kabla halijaondoka, asiunguze bando bure.

Karani_Mbeya
Nimempigia. Anasema mipangilio iko kwa wanaotupangisha seva, atawauliza, hanipi siku. Kwa hiyo Ijumaa bado ni MB 2.

MamaN_Uyole
Ila kwa nini kurasa nne tu zifike 12? Kitabu kizima cha PDF ninacho kwenye simu hakifiki hapo.

Mifumo_Njombe
Kitabu chako kimehifadhiwa kama maandishi, karatasi zako ni picha. Na khanga imechangia, mama. JPEG inabana vizuri mahali palipotulia, mfano karatasi nyeupe. Ikikutana na maua, nyuzi za kitambaa, mikunjo na vivuli inabidi iyaandike yote. Umelipia bando kusafirisha maua ya khanga. Programu ya kuskani inakata pembeni ya karatasi na kuifanya iwe nyeupe, ndiyo maana faili linapungua sana hata kabla hujagusa kitu kingine.

Mstaafu_Makambako
Shikamooni wakubwa, vijana habari zenu. Mimi babu wa wajukuu wawili wa sekondari. Nilivyofanya ni rahisi: nilibadilisha jina la picha, palipoandikwa .jpg nikaandika .pdf. Ikapokelewa mara moja, tena ilikuwa ndogo kuliko MB 2.

Karani_Mbeya
Shikamoo babu. Kumbe watu wa aina yako ndio wanaonipa kazi! Ninayo mafaili kama hayo sita, kila nikifungua naambiwa limeharibika. Jina limebadilika, ndani bado ni picha. Tena ni ukurasa mmoja tu, stakabadhi haimo.

Mstaafu_Makambako
Marahaba mjukuu. Mbona hawakunipigia simu?

Karani_Mbeya
Sijui ya kwako iko shule gani babu, lakini kapige wewe, usingoje.

Wakuu, leo asubuhi nimejaribu mwenyewe. Karatasi nne zile zile, nimezilaza kwenye meza tupu karibu na dirisha. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, na kumbe unafaa, mwanga umetulia hauna kivuli. Nimetumia Google Drive ya simu: ile alama ya kamera chini kulia, naskani ukurasa wa kwanza, naongeza wa pili hadi wa nne, ndipo nahifadhi. Inatoka PDF moja, hakuna kuunganisha.

Kwa rangi nimepata MB 2.3. Nimekasirika kidogo. Kwa kijivu, 1.7, imepita. Nikajaribu nyeusi na nyeupe tupu, ikashuka hadi KB 420, lakini muhuri wa benki ulikuwa umepauka na tarehe yake imepotea kabisa. Mhasibu angeirudisha. Nikajitumia pia picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida: nyepesi sana, ila nikikuza, 3 na 8 kwenye namba ya muamala ni pacha.

Mifumo_Njombe
WhatsApp inapunguza picha zikitumwa kama picha. Zikitumwa kwa `Document` zinafika zilivyo, lakini hapo wewe ndiye unabaki na kazi ya kuunganisha fomu za shule nzima. Usiitaje kwenye barua.

Tovuti za kubana pia nisingeziandika. Zinafanya kazi, sikatai, ila unamwambia mzazi apeleke kitambulisho chake na stakabadhi ya benki kwenye seva ya watu asiowajua. Akiamua mwenyewe sawa, isiwe kwa barua yenye muhuri wa shule.

Steshenari_Kihesa
Nimejaribu 200 kwa kijivu kwenye skana yangu, kurasa nne, MB 1.2. Nimekubali. Ila waambie wazazi waje na flashi au barua pepe, wengine wanataka niwatumie WhatsApp halafu wanalalamika.

BabaV_Tunduma
Na mwenye kiswaswadu? Mama yangu yuko Makete, ndiye anayemlea mtoto wa marehemu kaka. Steshenari ya karibu ni nauli.

Karani_Mbeya
Hapo sina jibu, Baba V. Nimemwambia mkuu wa shule tupokee karatasi kwa mkono siku ya kuripoti, anasema tukifungua mlango huo wote watapita humo. Nitamrudia kesho.

Aya mpya ya barua hii hapa:

"Laza karatasi kwenye meza tupu karibu na dirisha. Skani kurasa zote nne kwa mfululizo ndani ya faili moja ukitumia programu ya kuskani kwenye simu, na uchague rangi ya kijivu. Ukienda steshenari, omba 200 dpi, kijivu, PDF moja. Kabla ya kutuma, fungua faili, kuza muhuri na namba ya muamala uone kama zinasomeka, kisha tazama ukubwa kwenye maelezo ya faili: usizidi MB 1.9. Tovuti ikidai hujajaza jina na umelijaza, punguza faili kwanza."

Mifumo_Njombe
Sentensi ya mwisho ndiyo itakayokuokoa. Kijana wa tovuti akishabadilisha ile mistari, uifute.

MamaN_Uyole
Dada, fomu yetu ina mgongo mtupu umeandikwa "Kwa matumizi ya ofisi" tu. Nao tuuskani?

Karani_Mbeya
Huo acheni. Ngoja niongeze na hilo.