Naomba ushauri: slaidi za klasi dayagramu na sikwensi dayagramu, bei ikae wapi?

Habari zenu wakuu, nipo Mtwara hapa nafundisha diploma ya kompyuta, wiki ijayo nina slaidi za klasi na sikwensi dayagramu na mfano wangu ni mfumo wa kuagiza korosho mtandaoni. Klasi nimeweka Mteja, Oda, KipengeleChaOda na Bidhaa. Oda na KipengeleChaOda nimeunganisha kwa almasi nyeusi upande wa Oda, maana ukifuta oda vipengele vyake vinaondoka nayo, ila Bidhaa nimeiwekea mstari wa kawaida tu kwa sababu korosho inabaki dukani hata oda ikifutwa.

Sasa shida ipo kwenye bei. Wanafunzi wengi wanaiweka kwenye Bidhaa peke yake, alafu mteja aliyenunua kilo 3 kwa 25,000 alilipa 75,000, bei ikipanda 28,000 oda yake ya zamani inasoma 84,000, yani risiti na mfumo havikubaliani kabisa! Mimi nimeongeza `beiWakatiWaOda` kwenye KipengeleChaOda, na kwenye sikwensi kipengele kinapoundwa kinaiuliza Bidhaa mara moja:

```
KipengeleChaOda -> Bidhaa: pataBei()
Bidhaa --> KipengeleChaOda: 25000
```

Nasisitiza pia kwamba mshale ukienda Bidhaa, `pataBei()` lazima iwepo kwenye klasi ya Bidhaa, isipokuwepo dayagramu mbili zinagombana na hapo ndo wanapoteza maksi.

Sasa waliowahi kufundisha hii, nianze na sikwensi ili operesheni za klasi zitokee humo, au klasi kwanza? Naombeni uzoefu wenu jamani.