Mpango wangu wa spredi za opsheni kwa akaunti ya dola 1,000: una tundu wapi?

Karafuu_Wete
Asalaam alaykum. Nimeuandika mpango huu nyuma ya daftari la karafuu, naomba mnipasulie kabla sijatia pesa. Nauza spredi za puti za SPY tu, upana dola 1. Naingia zikibaki siku kama 45, primiamu isipungue senti 20 kwa hisa: mkataba ni hisa 100, napokea dola 20, hasara ya juu ni 80. Spredi moja tu kwa wakati. Natoka bei ya kuifunga ikishuka hadi senti 10, ikipanda hadi senti 40, au siku zikibaki 21. Dalali anakata senti 65 kwa kila mkataba, kufungua na kufunga.

Pips_Forodhani
Spredi ya dola 1? Huyo dalali mwizi, mkimbie. Mimi yangu ya euro ilipanuka usiku mmoja tu ikanila.

Karafuu_Wete
Hiyo ni nyengine, ami. Hapa nauza puti moja na kununua ya chini yake.

Mkoani_Boy
Mbona unahangaika na kutoka? Hasara si ina mpaka? Iache ife yenyewe siku ya mwisho, kamisheni ya kufunga unaiokoa.

BiMalindi
Mpaka upo, mwanangu, lakini siku ya mwisho una mlango. Tuseme umeuza ya 500, umenunua ya 499, na Ijumaa SPY ikafunga 499.40. Ya 499 imekufa. Ya 500 inatekelezwa, unaamka na hisa 100 za dola 50,000 kwenye akaunti ya elfu moja. Jumatatu ikifungua 490, umepoteza 1,000 kutoa ile 20 yako. Madalali wengi hukufungia kabla, kwa bei waitakayo wao. Kwa hiyo kanuni ya siku 21 usiiguse.

Tundu lako, Karafuu, ni kamisheni. Mikataba 2 kufungua na 2 kufunga ni dola 2.60. Faida ya 10 inabaki 7.40, hasara ya 20 inakuwa 22.60. Ukishinda mara tatu unapata 22.20, hata kosa moja hujaliziba.

Karafuu_Wete
Duh. Sikuzihesabu kabisa. Basi nipanue iwe dola 2?

BiMalindi
Ukipata senti 40, kamisheni ni ile ile: faida 17.40, hasara 42.60. Ushindi mara tatu unaziba na kubakisha. Ila sasa umeweka 160 hatarini, asilimia 16 ya akaunti, na soko likifungua kwa kuruka, ile kanuni ya kutoka mapema haikuwahi. Mimi ningetafuta kwanza dalali wa kamisheni ndogo.

Mkoani_Boy
Au XSP, ile opsheni ya fahirisi, hulipwa taslimu, hisa haziji.

BiMalindi
Kweli, hapo umesema. Angalia tu pengo la bei ya kununua na kuuza, lisije likala zaidi ya kamisheni.

Karafuu_Wete
Oda ya senti 10 nitaiweka nikishaingia tu, ikae. Ya senti 40 ndiyo inayonitatiza: soko linafungwa saa tano usiku, wakati mwengine saa sita, na huku umeme ukikatika simu haina chaji. Nani anaiachia oda hiyo ikae yenyewe?

Pips_Forodhani
Mimi niliiacha. Bei ikaigusa, ikarudi.