Naomba ushauri: kapsheni ya ufunguzi wa maonyesho ya michoro

Habari zenu wanakikundi. Wachoraji wanne wa hapa Nairobi wanafungua maonyesho Kilimani, na kapsheni imenikwamisha. Nimefika hapa:

"Michoro 34, wachoraji wanne. Ufunguzi Ijumaa 6 Machi, saa 11 jioni. Kutazama hadi Jumapili 22 Machi, saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu tumefunga. Kiingilio bure. Bei: KSh 8,000 hadi 180,000."

Saa ndizo zinazonisumbua. Msomaji wa haraka huona "11" akairuka "jioni", kisha anafika mchana na kukuta watu bado wanapigilia misumari. Nikaandika "5:00 jioni", nikaambiwa hicho si Kiswahili wala Kiingereza.

Bei nayo inatisha bure: michoro 31 haifiki 40,000, ni turubai moja tu ya mita mbili inayobeba hiyo 180,000. Nimejaribu "kuanzia 8,000", lakini hapo mtu anakuja na elfu nane akitaka ile kubwa.

Sasa, saa niziandike kwa maneno, "kumi na moja jioni"? Na bei, nitaje "mingi chini ya 40,000" na turubai kubwa niiache kwenye kibandiko chake ukutani?